Kusoma msimu wa utafutaji katika Google Trends na kuliwahi wimbi la wageni wa Kilimanjaro: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni kwa wenye kampuni ndogo za utalii za Moshi na Arusha ambao kila mwaka hulipia matangazo mwezi Juni, kwa sababu wageni wao hupanda mlima Julai na Agosti, kisha hulalamika kwamba fedha zimekwenda na simu haikulia. Kosa lao ni moja. Wanaipima kalenda kwa siku mgeni anaposhuka KIA, ilhali mgeni huyo alianza kuutafuta mlima miezi kadhaa kabla, akiwa kwake, na kampuni iliyomjibu wakati ule ndiyo iliyompata.

Ninatumia mfano wa kampuni ya kubuni iliyoko Moshi inayouza safari za Machame na Lemosho kwa Wamarekani, na ninagusa soko la Wajerumani kidogo. Tarakimu za mfano nimezitunga kwa ajili ya kufundishia. Utakazozipata mwenyewe zitatofautiana, lakini njia ya kuzifikia ni ileile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kompyuta, kwa sababu kazi hii ni ngumu kuifanya kwenye simu.
- Akaunti ya Google, ili uweze kutumia Google Trends inayochora jinsi utafutaji wa maneno unavyopanda na kushuka, Google Sheets ya majedwali na Google Ads ya matangazo.
- Kumbukumbu za maulizo ya wageni kwa miaka miwili au zaidi: tarehe ya ujumbe wa kwanza, tarehe ya malipo ya awali na tarehe ya kupanda. Zitoe kwenye barua pepe na WhatsApp, hata kama ni maulizo arobaini tu.
- Kalenda ya mwaka huu na mwaka ujao.
- Nusu siku isiyo na mgeni wa kupokea.

## Hatua ya 1: Chagua maneno ya mtu anayetaka kupanda, si ya mwanafunzi

Hapa ndipo wengi huharibu, na makosa ya hapa hayarekebishiki mbele.

Ukiandika `kilimanjaro` peke yake, unachanganya watu wasiohusiana kabisa. Yumo mwanafunzi wa jiografia anayetafuta urefu wa mlima, yumo anayetafuta uwanja wa ndege, yumo wa bia, na yumo aliyesikia habari za moto mlimani. Mstari utakaouona utakuwa na sura ya mwaka wa shule wa nchi hiyo: utashuka wakati wa likizo na kupanda shule zikifunguliwa. Ukipanga matangazo kwa mstari huo utakuwa unawatangazia watoto wenye kazi za nyumbani.

Andika maneno yenye kitendo ndani yake. Kwa soko la Marekani anza na haya, ukitumia alama ya kujumlisha ili Google Trends iyahesabu kama kundi moja:

```
climb kilimanjaro + climbing kilimanjaro + kilimanjaro climb
```

Kwa Ujerumani usitumie Kiingereza, wala usidhani jina la mlima huandikwa vilevile kila mahali. Wajerumani huandika `kilimandscharo`, na kupanda mlima wao huita `besteigung`. Wafaransa huandika `kilimandjaro`. Kwa hiyo kundi la Ujerumani litakuwa hivi:

```
kilimandscharo besteigung + kilimanjaro besteigung
```

Unapoandika, Google Trends itakupendekezea pia mlima kama mada, ambayo hukusanya tahajia na lugha zote pamoja. Mada ni nzuri pale maneno yako yanapokuwa machache mno kiasi cha kutoa sifuri nyingi, lakini inamrudisha yule mwanafunzi. Ukilazimika kuitumia, chagua kwenye orodha ya makundi lile linaloanza na neno `Travel`, ili angalau sehemu ya utafutaji wa shule ipunguzwe.

Utajua umefaulu ukiona mstari unaopanda na kushuka bila kugusa sifuri isipokuwa mara chache. Mstari unaoruka kutoka 0 hadi 100 na kurudi 0 kila wiki chache hauna msimu wa kusomwa. Unaonyesha tu kwamba watafutaji ni wachache. Ongeza neno jingine la maana ileile, au panua eneo kutoka jimbo hadi nchi nzima. Hii ndiyo sababu siwashauri wanaowauzia Watanzania safari za mlimani za tarehe 9 Desemba kutegemea mstari wa Tanzania: kwa maneno membamba namna hii, sifuri zitajaa. Daftari lako la simu litakuambia zaidi.

## Hatua ya 2: Chagua nchi moja na miaka kamili

Pakua kila nchi peke yake. Ukichagua dunia nzima, unamchanganya Mmarekani anayepanga likizo ya kiangazi chake na Mwaustralia ambaye Julai yake ni baridi, na kilele kimoja kinaweza kuzibwa na bonde la mwingine.

Kwa muda, usibonyeze miaka mitano iliyopita kwa sababu tu iko karibu. Weka tarehe mwenyewe, kuanzia 1 Januari 2022 hadi 31 Desemba 2025. Nina sababu tatu. Ya kwanza ni kwamba miaka kamili haipendelei mwezi wowote. Ya pili ni kwamba 2020 na 2021 ni miaka ya korona, safari zilisimama, na kuiingiza ni kujifunza msimu usiojirudia. Ya tatu ni kwamba Google Trends yenyewe imeweka alama kwenye mchoro kuonyesha kwamba ilibadilisha namna ya kukusanya takwimu kuanzia 1 Januari 2022, kwa hiyo namba za kabla na baada ya siku hiyo si za mizani moja.

Usivuke miaka mitano. Ukivuka, Google Trends huacha kukupa namba za wiki na kukupa za mwezi, na mwezi ni kipimo kinene mno kwa mtu anayetaka kujua awashe tangazo tarehe 7 au tarehe 28.

## Hatua ya 3: Elewa namba kabla ya kuzipakua

Namba za Google Trends si idadi ya watu. Namba 100 ni ile wiki ambayo maneno yako yalichukua sehemu kubwa zaidi ya utafutaji wote wa nchi hiyo, ndani ya muda uliouchagua. Namba 50 ni nusu ya sehemu hiyo. Kwa hiyo 80 ya Ujerumani na 80 ya Marekani zilizopakuliwa mbalimbali hazilingani hata kidogo, na huwezi kugawa bajeti kati ya nchi mbili kwa kuzitazama. Ukitaka makadirio ya idadi, yatafute kwenye Keyword Planner ndani ya Google Ads, ambayo hutoa idadi kwa mwezi, ingawa akaunti isiyotumia fedha hupewa vipimo vya jumla tu.

Jambo la pili ni kwamba namba hizi hutokana na sampuli. Ukipakua mchoro uleule leo na keshokutwa, baadhi ya wiki zitabadilika kidogo, hasa kwa maneno yenye watafutaji wachache. Mimi hupakua mara tatu katika siku tatu tofauti, kisha huchukua wastani wa kila wiki. Nikiona wiki moja imetoka 34 ikawa 61, huwa nimeshajua kwamba maneno yangu ni membamba mno, narudi hatua ya 1.

Pakua kwa kubonyeza alama ya mshale juu ya mchoro. Utapata faili la CSV. Lifungue kwenye Google Sheets.

## Hatua ya 4: Safisha jedwali

Futa mistari iliyo juu ya kichwa cha jedwali, ili mstari wa kwanza uwe na neno `Week` na jina la maneno yako. Safu A sasa ina tarehe, safu B ina namba.

Kagua mambo mawili. Kwanza, tarehe zikae upande wa kulia wa seli; zikikaa kushoto, Sheets inaziona kama maandishi na fomula zinaweza kukataa. Badilisha muundo wake uwe wa tarehe. Pili, tafuta alama `<1`. Hiyo inamaanisha kiasi kidogo kuliko moja, lakini kwa Sheets ni maandishi, na wastani huyaruka maandishi kimyakimya, hivyo wiki dhaifu kuliko zote zinatoweka na mwaka mzima unaonekana bora kuliko ulivyo. Andika 0.5 mahali pake.

## Hatua ya 5: Zipe wiki namba na kila mwaka mizani yake

Wiki za Google Trends huanza Jumapili, ilhali fomula ya namba ya wiki huhesabu kuanzia Jumatatu. Usiposahihisha hilo, kila wiki itahesabiwa nyuma kwa moja, na mpango wako wote utasogea siku saba. Weka haya kwenye mstari wa pili na uyavute hadi chini: safu C ni namba ya wiki, D ni mwaka, E ni kipimo cha wiki dhidi ya wastani wa mwaka wake.

```
C2: =ISOWEEKNUM(A2+1)
D2: =YEAR(A2+4)
E2: =B2/AVERAGEIFS(B:B,D:D,D2)
```

Kisha futa mistari yoyote ambayo safu D inaonyesha 2021 au 2026. Ni wiki za pembeni zilizoegemea mwaka mwingine. Ukibaki na mistari 208, yaani wiki 52 kwa miaka minne, umefanya sawasawa.

Safu E ndiyo yenye thamani. Namba 1 maana yake ni wiki ya kawaida kwa mwaka huo, 1.30 ni asilimia thelathini juu ya kawaida, na 0.80 ni asilimia ishirini chini. Tunafanya hivi ili mwaka uliokuwa na watafutaji wengi kwa ujumla usimeze miaka mingine.

## Hatua ya 6: Tengeneza mwaka mmoja wa mfano

Kwenye safu G andika 1 hadi 52 kuanzia mstari wa pili. Safu H itachukua namba ya katikati ya miaka minne kwa kila wiki, na safu I italainisha kwa wastani wa wiki tatu.

```
H2: =MEDIAN(FILTER(E:E,C:C=G2))
I3: =AVERAGE(H2:H4)
```

Kwa wiki ya 1 na ya 52 jaza safu I kwa mkono, kwa sababu jirani wa wiki ya 52 ni wiki ya 1. Usiziache wazi, maana kama utakavyoona ndizo tunazozihitaji kuliko zote.

Kwa nini namba ya katikati na si wastani? Oktoba 2022 moto uliwaka mlimani na habari zake zikaenea duniani. Tukio la namna hiyo linaweza kurusha wiki moja ya mwaka mmoja juu sana, na wastani ungekuambia kwamba kila Oktoba watu huutamani mlima. Namba ya katikati huisikiliza miaka yote minne na kuipuuza ile inayopiga kelele peke yake.

Chora mchoro wa safu I. Kisha chora pia miaka minne mmoja mmoja juu ya mchoro huohuo, na uitazame kwa macho. Angalau miaka mitatu kati ya minne inapaswa kupanda ndani ya dirisha la wiki tatu zilezile. Isipokuwa hivyo, huna msimu. Una mchoro tu, na hupaswi kuutegemea hata kama umepakwa rangi nzuri.

## Hatua ya 7: Tafuta wiki ya kuanza kupanda, si kilele

Wanaofika hadi hapa hukosea kwa kuwasha tangazo kileleni. Kileleni kila kampuni ipo, bei ya kubonyezwa imepanda, na mgeni ameshatumiwa bei na kampuni nne.

Tumia kanuni hii. Tafuta namba ya chini kabisa kabla ya mpando, tafuta kilele, gawanya tofauti yake kwa nne, kisha jumlisha robo hiyo na namba ya chini. Wiki ya kwanza inayovuka kiwango hicho, na wiki mbili zinazofuata zikaendelea kuwa juu yake, ndiyo mwanzo wa mpando.

Katika mfano wetu, safu I inasomeka hivi:

| Wiki | Kipimo |
|---|---|
| 50 | 0.79 |
| 51 | 0.78 |
| 52 | 0.90 |
| 1 | 1.12 |
| 2 | 1.27 |
| 3 | 1.34 |
| 4 | 1.30 |

Chini ni 0.78, kilele ni 1.34, tofauti ni 0.56, na robo yake ni 0.14. Kiwango ni 0.92. Wiki ya 52 haijavuka, wiki ya 1 imevuka na haikurudi nyuma. Mwanzo wa mpando ni wiki ya 1.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa kila mwaka peke yake. Tuseme miaka miwili imetoa wiki ya 1, mmoja wiki ya 2, na mmoja wiki ya 52. Mimi huchukua ule uliowahi, kwa sababu gharama za makosa haya mawili hazifanani: ukiwahi kwa wiki moja unapoteza vijidola vichache, ukichelewa kwa wiki moja unapoteza wageni waliokwishalipa kwingine. Ila kama mwaka mmoja umewahi kwa wiki sita, hiyo si tahadhari tena. Chunguza kama kulikuwa na habari fulani, na uuache.

Mpando huu wa baada ya Krismasi, kama nawe utauona, una maana ya pekee kwetu. Ndizo siku ambazo Moshi imejaa Wachaga waliorudi nyumbani, kila boma lina mbuzi na mbege, na anayejibu barua pepe za kampuni yuko Rombo ambako mtandao unakamatika ukipanda mgombani. Mgeni wako naye yuko kwenye kochi, amemaliza sikukuu, ana likizo ya mwaka mpya wa kazi ya kupanga. Simu isiyojibiwa siku hizo hakuna tangazo litakaloikomboa.

## Hatua ya 8: Hesabu nyuma kwa tarehe, usihesabu kwa namba za wiki

Wiki ya 1 ya 2027 inaanza Jumatatu, 4 Januari 2027. Tumeamua kuchukua mwaka uliowahi kwa wiki moja, kwa hiyo siku yetu ni 28 Desemba 2026. Angalia mtego: mwaka 2026 una wiki 53, na 28 Desemba imo ndani ya hiyo ya 53. Aliyeandika kwenye daftari kwamba ataanza wiki ya 52 ataanza 21 Desemba akidhani ni siku ileile ya miaka iliyopita.

Kutoka 28 Desemba, rudi nyuma kwa kila kazi kulingana na muda inaouhitaji.

28 Septemba 2026: kurasa za tovuti ziwe hewani. Hizo ni wiki kumi na tatu kabla. Ukurasa mpya unaweza kuchukua siku au miezi kabla ya Google kuupa nafasi inayoeleweka, na ukiuchapisha Januari utakuwa tayari wageni wakishalipa.

Mwisho wa Novemba: akaunti ya matangazo iwe safi. Hakikisha uthibitisho wa mtangazaji umekamilika, kadi inakubali malipo ya nje, na fomu ya maulizo inahesabiwa kama matokeo. Jitumie ulizo moja la majaribio uone kama linaonekana. Kila mwaka kuna mtu anayegundua tarehe 2 Januari kwamba benki yake imezuia kadi, na benki nayo iko sikukuu.

7 Desemba 2026: washa tangazo kwa kiasi kidogo. Hizo ni wiki tatu kabla. Tangazo hukaguliwa kwanza, kwa kawaida ndani ya siku moja ya kazi, lakini likikataliwa unarudi mwanzo. Zaidi ya hapo, mfumo wa Google Ads unaojipangia bei wenyewe hupitia kipindi cha kujifunza, na unajifunza kwa kuona nani anabonyeza na nani anaandika ulizo. Afadhali ujifunze kwa senti za Desemba kuliko kwa dola za Januari.

Usiwashe mapema zaidi ya hapo kwa soko hili. Bonde la Desemba ni bonde kweli, na tangazo lililokaa wiki nane bila watafutaji halijifunzi kitu.

## Hatua ya 9: Gawa bajeti kwa umbo la mpando

Tuseme kampuni yetu ina dola 1,200 kwa msimu huu. Mgawo ninaoupendelea ni huu:

| Kipindi | Kwa wiki | Jumla |
|---|---|---|
| 7 hadi 20 Desemba | dola 45 | dola 90 |
| 21 hadi 27 Desemba | dola 90 | dola 90 |
| 28 Desemba hadi 24 Januari | dola 180 | dola 720 |
| 25 Januari hadi 14 Februari | dola 100 | dola 300 |

Ile wiki ya kuanzia 21 ni ngazi ya kati. Ukiruka kutoka 45 hadi 180 kwa siku moja, mfumo wa bei unaweza kurudi kwenye kujifunza wakati usiofaa kabisa. Usishtuke pia ukiona siku moja imekula mara mbili ya kiasi cha siku ulichoweka. Google Ads inaruhusu hivyo, ila kwa mwezi haitavuka kiasi cha siku mara 30.4.

Weka tangu mwanzo maneno ya kuzuia, ili yule mwanafunzi wa hatua ya 1 asirudi kupitia dirishani: `facts`, `height`, `map`, `beer`, `airport`, `jobs`.

## Hatua ya 10: Hakikisha tangazo linauza tarehe sahihi

Sasa chukua kumbukumbu zako za maulizo. Kwa kila mgeni aliyelipa, hesabu siku kutoka ujumbe wa kwanza hadi siku ya kupanda, kisha tafuta namba ya katikati. Tuseme ni miezi mitano na nusu. Maana yake ni kwamba anayetafuta mapema Januari anawaza mwisho wa Juni, baada ya masika, wakati kiangazi kimeshashika.

Kwa hiyo tangazo la Januari lioneshe tarehe za Juni hadi Oktoba. Nimeona kampuni zikitangaza Januari nafasi zilizobaki za Februari, kwa kuwa Februari nayo ni kati ya miezi mikavu ya mlima na magari yamekaa. Wengi wa wanaotafuta Januari hawawezi kupata likizo, kufanya mazoezi na kununua tiketi ndani ya wiki nne. Hao wa Februari walipaswa kutangaziwa kwenye mpando mwingine wa mwaka, na kama upo, safu I imekuonyesha.

Linganisha pia tarehe za maulizo yako na mchoro. Maulizo kuchelewa nyuma ya utafutaji kwa wiki mbili au tatu ni jambo la kawaida, kwa kuwa mtu huanza kwa kuuliza ugumu na gharama, ndipo huuliza kampuni. Maulizo yako yakiwa na kilele miezi minne baada ya utafutaji, usiulaumu mchoro mara moja. Huenda unapokea wale tu waliokosa nafasi kwingine.

## Hatua ya 11: Thibitisha mpando unapokuja

Kuanzia 14 Desemba fungua Google Trends kila Jumatatu, ukitazama miezi kumi na miwili iliyopita kwa maneno yaleyale na nchi ileile. Usisome nukta ya mwisho yenye mstari wa vitone. Hiyo wiki haijakamilika na itabadilika. Soma iliyotangulia.

Mstari ukianza kuinuka wiki moja kabla ya mpango, anza bajeti ya 28 Desemba mapema kwa siku hizo saba. Usipoinuka hadi 11 Januari, punguza hadi ngazi ya kati na utafute sababu, kama vile habari mbaya za usafiri au mabadiliko ya nauli, badala ya kuendelea kulipa kwa imani.

Katika wiki tatu za mwanzo usihukumu kwa malipo ya awali, kwa sababu mgeni wa Kilimanjaro haamui kwa siku tatu. Tazama kama tangazo linaonyeshwa, na kama maneno halisi yaliyoandikwa na watafutaji ni ya wapandaji. Kuanzia wiki ya kwanza ya Januari, gharama ya ulizo moja inapaswa kushuka au kusimama huku idadi ikipanda. Ikipanda gharama na idadi pamoja, umeingia sokoni wakati mmoja na wengine wote. Mwaka ujao ongeza wiki moja ya kuwahi. Idadi ya kubonyezwa ikipanda bila maulizo, kasoro iko kwenye ukurasa au kwa anayejibu, na hakuna wiki ya kalenda itakayoitengeneza.

## Hatua ya 12: Hifadhi faili ulilotumia

Weka faili la CSV na jedwali lake kwenye folda lenye tarehe ya kupakua, na pembeni uandike maneno, nchi na muda uliochagua, herufi kwa herufi. Ukipakua upya mwakani namba za zamani hazitakuwa zilezile, kwa sababu ya sampuli na kwa sababu 100 inaweza kuhamia wiki nyingine. Januari 2027 ikiisha, pakua tena ukianzia 1 Januari 2023 hadi 31 Desemba 2026. Mara hii utapata mistari 209, si 208, kwa sababu ya ile wiki ya 53; iache kwenye safu E, lakini usiiwekee mstari wake kwenye safu G, maana haina mwenzake wa kulinganishwa naye.